Barua fupi ya Kihausa kwenye kibodi ya kawaida: njia nne za kuandika, na ipi inamfaa nani

Kihausa huandikwa kwa herufi za Kilatini ambazo wenyewe huziita boko, na karibu zote zipo kwenye kibodi yoyote inayouzwa madukani. Zinazokosekana ni chache mno: ɓ, ɗ na ƙ, ambazo zimeongezewa ndoano ndogo, pamoja na herufi ya nne ambayo Wahausa wa Naijeria huiandika 'y na wenzao wa Nijeri huiandika ƴ. Uchache huo ndio unaomdanganya mwandishi akadhani hazina uzito. Anayemwandikia rafiki wa Kano au mwalimu wa Zinder mistari mitano ya salamu hukuta kwamba herufi hizo zinajitokeza karibu katika kila sentensi, na kila zinapojitokeza analazimika kuamua: aiache ndoano, aiigize kwa alama nyingine, au aitafute yenyewe.

Kando ya ndoano kuna jambo la pili, nalo ni urefu wa irabu. Kihausa hutofautisha a fupi na a ndefu, na vivyo hivyo kwa irabu nyingine, kiasi kwamba maneno mawili yanaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa muda ambao sauti inavutwa. Watu wengi huyataja mambo haya mawili pamoja, kana kwamba yote ni makosa ya kibodi, na hapo ndipo ushauri mwingi unapopotoka. Ndoano ni sehemu ya tahajia: anayeandika kare pale panapotakiwa ƙare ameandika neno jingine. Urefu wa irabu, kwa upande wake, haumo katika tahajia ya kila siku. Vitabu na magazeti ya Kihausa hayauonyeshi, na pa kuupata ni katika kamusi, kama ile ya Bargery ya mwaka 1934, na katika vitabu vya sarufi. Kwa hiyo hata ukipata kibodi yenye kila herufi, urefu hautarudi kwenye barua yako wenyewe.

Ili njia zote zipimwe kwa kipimo kimoja, nitatumia barua hii:

```
Malam, assalamu alaikum. Ina fatan 'ya'ya suna lafiya.
Wasiƙar farko ta ɓace. Aikin ɗaki ya ƙare, kuma baƙi
sun tafi. Yaron ya kawo gari.
```

Kwa Kiswahili: Malam, amani iwe juu yenu. Natumaini watoto hawajambo. Barua ya kwanza imepotea. Kazi ya chumba imekwisha, na wageni wameondoka. Sentensi ya mwisho inamhusu kijana na unga, lakini naiacha bila tafsiri kwa sasa, maana ina maana zaidi ya moja.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni maana: je, msomaji atapata neno lilelile ulilokusudia, na atalipata mara moja au baada ya kurudia sentensi? Cha pili ni kufika: je, barua itaonekana kwenye kifaa chake kama ilivyoondoka kwako, na itagharimu kiasi gani? Cha tatu ni kazi ya vidole. Cha nne ni mpokeaji, kwa sababu barua ya rafiki, barua ya ofisi na zoezi la mwanafunzi hazisomwi kwa jicho moja.

Nitaongeza tahadhari moja inayomhusu Mswahili hasa. Herufi ɓ na ɗ za Kihausa hutamkwa kwa kuvuta hewa kidogo ndani, na b na d za Kiswahili, katika matamshi ya wasemaji wengi, hutamkwa kwa namna hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba sikio letu huisikia ɗaki na kuona ni d yetu ya kawaida, ilhali d isiyo na ndoano ya Kihausa ndiyo iliyo ngeni kwetu. Tusitegemee sikio kuamua wapi ndoano iwekwe, tutegemee kamusi. Kwa ƙ hali ni nafuu, kwa sababu inatoka kwa mpasuko mkali kooni ambao hatuna, hivyo huisikia upesi anayejifunza.

Njia ya kwanza: kuacha ndoano kabisa

Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi kwenye simu, na si na wageni tu, bali na Wahausa wenyewe. Barua yetu inakuwa hivi:

```
Malam, assalamu alaikum. Ina fatan yaya suna lafiya.
Wasikar farko ta bace. Aikin daki ya kare, kuma baki
sun tafi. Yaron ya kawo gari.
```

Kwa upande wa maana, inashangaza jinsi kidogo kilivyopotea kwa msomaji mzawa. Wasikar na daki hazina mshindani wa karibu katika sentensi zile, naye atazisoma sawasawa bila kusita. Baki bila ndoano ni mdomo, lakini hapa kuna sun, kiambishi cha wengi waliokwisha kufanya jambo, na mdomo hauondoki kwa wingi. Wageni ndio wanaoondoka. Yaya inamchelewesha kidogo, kwa sababu inaweza kuwa kaka au dada mkubwa, au hata swali la "vipi", kabla suna haijamwelekeza kwa watoto.

Neno linalostahili kutazamwa kwa karibu ni kare. Bila ndoano na bila urefu, herufi hizo nne zinabeba maneno matatu: kare yenye a fupi, ambaye ni mbwa, kare yenye a ndefu, ambayo ni kulinda au kutetea, na ƙare, nayo yenye a ndefu, ambayo ni kumalizika au kumaliza. Katika barua yetu mbwa hawezi kukaa baada ya ya, na kutetea kunahitaji kitu cha kutetewa, kwa hiyo msomaji anabaki na kumalizika. Lakini badilisha sentensi kidogo tu. Andika ya kare maganarsa, na sasa hakuna kinachosaidia: amemaliza maneno yake, au ameyatetea maneno yake? Sentensi zote mbili ni Kihausa kizuri, zote zina mantiki, na zinaweza kumhusu mtu yuleyule katika kikao kilekile. Hapo mzawa naye anakwama, au, kibaya zaidi, hakwami bali anachagua lisilo.

Dalili ya hatari, basi, si idadi ya ndoano zilizopotea bali mahali zilipopotea. Katika sentensi ndefu maneno ya jirani huokoa. Katika neno lililosimama peke yake, kama vile kichwa cha barua, orodha ya vitu, jina la mahali au jibu la neno moja, hakuna wa kuokoa.

Kwa upande wa kufika, njia hii haina mpinzani. Barua yetu yenye ndoano ina herufi na nafasi 137 kwa jumla, ukiziandika sentensi mfululizo, na bila alama za 'ya'ya zinabaki 135. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu, ule usiotumia intaneti, unabeba 160, hivyo barua nzima inapita kwa ujumbe mmoja na inaonekana vilevile kwenye simu ya batani ya bei ya chini kabisa. Kazi ya vidole ni ndogo kupita zote.

Inamfaa anayemwandikia mzawa anayemjua, juu ya jambo ambalo wote wawili wanalifahamu tayari. Haimfai anayejifunza lugha, kwa sababu atazoea umbo lisilo sahihi na baadaye hatajua daki ina ndoano au haina. Tena, haifai pale maandishi yatakapotafutwa kwa kompyuta. Herufi é inaweza kuchukuliwa na programu kuwa ni e iliyoongezewa alama, ikaonekana katika utafutaji wa e. Lakini ƙ katika mfumo wa Yunikodi ni herufi kamili inayojitegemea, haivunjwi kuwa k na ndoano. Programu nyingi, ukitafuta wasika, hazitakupa wasiƙa.

Njia ya pili: kuigiza ndoano kwa alama ya juu

Wanaoona uchungu kuiacha ndoano, lakini hawana pa kuipata, huweka alama ya juu, yaani ritifaa, ileile tunayoiandika katika ng'ombe. Kwa kuwa tahajia ya Naijeria tayari ina 'y, mantiki inaelekeza alama itangulie herufi:

```
Wasi'kar farko ta 'bace. Aikin 'daki ya 'kare,
kuma ba'ki sun tafi.
```

Maana inarudi karibu yote. Ya 'kare maganarsa sasa haiwezi kuwa kutetea. Tatizo ni kwamba hakuna sheria inayokubaliwa na wote: wengine huandika k'are, wengine 'kare, na barua iliyochanganya zote mbili inachosha kuliko isiyo na alama. Pia ritifaa katika Kihausa si alama tupu, bali tayari ni sauti, kama katika addu'a, yaani dua, na jama'a, yaani umma wa watu. Msomaji atatofautisha kwa sababu kwenye maneno hayo inafuatwa na irabu, ila jicho lake linafanya kazi ambayo halikuzoea. Wapo wanaotumia herufi kubwa badala ya alama, wakaandika baKi na Daki. Njia hiyo huvunjika kila sentensi inapoanza na kila jina la mtu linapotokea, na sioni sababu ya kuipendekeza.

Kwa kufika, njia hii inaonekana salama kwa sababu ritifaa iliyonyooka imo katika orodha ya herufi za ujumbe wa kawaida. Barua inafika 142, na bado ni ujumbe mmoja. Lakini kuna mtego unaowashangaza wengi. Kibodi nyingi za simu na programu nyingi za uandishi huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo katika orodha ile. Alama moja tu iliyopinda inaubadilisha ujumbe mzima kuwa wa mfumo mwingine wenye nafasi 70 badala ya 160. Mtu hulipa zaidi bila kuona sababu, maana kwa jicho la haraka alama ni ileile.

Katika programu ya Word mtego unajionyesha wazi zaidi. Ukiandika 'ya'ya, alama ya kwanza hupindwa kuelekea kulia kana kwamba unafungua nukuu, na ya pili hupindwa kuelekea kushoto, hivyo neno moja linakuwa na alama mbili tofauti. Dawa ni kubonyeza Ctrl+Z mara tu alama inapopindwa, au kuzima kabisa upindaji huo katika mipangilio ya masahihisho ya moja kwa moja. Waandishi wa Kiswahili wanaokerwa na ng' zao wanaujua usumbufu huu.

Kwa vidole, ni alama moja zaidi kwa kila ndoano, si mzigo. Inamfaa mwandishi mwenye simu ya batani anayemwandikia msomaji makini, hasa anayejifunza, mradi waafikiane mapema alama ikae upande gani. Kwa barua ya ofisi haifai: inasomeka kama rasimu.

Njia ya tatu: herufi zenyewe

Hizi ndizo namba zao katika Yunikodi, kubwa na ndogo:

```
Ɓ 0181   ɓ 0253
Ɗ 018A   ɗ 0257
Ƙ 0198   ƙ 0199
Ƴ 01B3   ƴ 01B4
```

Maana inakuwa kamili kwa kiwango ambacho tahajia ya Kihausa inaruhusu, na barua inasomeka kama ilivyochapwa. Anayemwandikia mtu wa Nijeri aandike ƴaƴa, na wa Naijeria 'ya'ya. Wote wataelewa la mwenzao, lakini kila mmoja ataona kwamba umemwandikia kwa desturi ya kwao.

Kufika ndiko kunakotaka maelezo. Kwa barua pepe, kwa WhatsApp na kwa waraka uliochapishwa, leo hakuna shida ya maana. Kwa ujumbe wa kawaida wa simu shida ipo, nayo inahesabika. Ndoano moja tu inauhamisha ujumbe kwenye mfumo wa nafasi 70, na ujumbe ukivuka 70 hukatwa vipande vya nafasi 67 kila kimoja, kwa sababu sehemu ya nafasi hutumika kuviunganisha. Barua yetu ya 137 inavuka vipande viwili, ambavyo ni 134, kwa herufi tatu, hivyo inahesabiwa na kutozwa kama ujumbe tatu. Barua ileile bila ndoano ilikuwa ujumbe mmoja. Kwa mtu anayelipa kwa kila ujumbe kuvuka mipaka ya nchi, hiyo si tofauti ya kupuuza. Lakini kwa kuwa ziada ni herufi tatu tu, kuliondoa neno kuma na nafasi yake kunairudisha kwenye vipande viwili.

Shida nyingine ya kufika hutokea kwenye mifumo ya zamani ya ofisi na fomu za mtandaoni ambazo hazikubali Yunikodi. Huko ƙ hugeuka kuwa alama ya kuuliza au kisanduku kitupu, na wasi?ar ni mbaya kuliko wasikar, kwa sababu msomaji amenyimwa hata herufi ya msingi. Kipimo chake ni rahisi: jitumie kwanza neno moja, kwa mfano ɓace, kupitia njia ileile, na ulitazame kwenye kifaa kingine kabla ya kutuma barua nzima.

Kwa vidole, inategemea chombo. Kwenye simu za Android, kibodi ya Gboard ina Kihausa miongoni mwa lugha zake, na ukishaiongeza herufi zipo karibu. Windows ina mpangilio wa kibodi wa Kihausa unaoongezwa kupitia mipangilio ya lugha. Kwenye Linux inayotumia X11, amri ni hii:

```
setxkbmap ng -variant hausa
```

Kwa barua moja tu kwa mwaka, sidhani kama inafaa kuubadilisha mpangilio mzima. Katika Word unaweza kuandika namba ya herufi na kubonyeza Alt+X, nayo ikageuka kuwa herufi. Ila hapo pana shimo dogo linaloihusu Kihausa hasa. Namba hizo ni za mfumo unaotumia tarakimu pamoja na herufi a hadi f, na ukiandika ba0199 ili upate baƙi, programu inaweza kuzichukua b na a kuwa ni sehemu ya namba. Chagua kwanza tarakimu nne peke yake, kisha bonyeza. Njia ya mkato zaidi ni kuhifadhi mstari mmoja wenye herufi zote nane kwenye daftari la simu au faili tupu, na kunakili kutoka humo.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kubadilisha kwa mkupuo kila k kuwa ƙ. Barua yetu ina kuma, kawo, farko na Aikin, zote zina k isiyo na ndoano, na masahihisho ya namna hiyo huharibu zaidi ya yanavyotengeneza. Hata kubadilisha neno zima kwa mkupuo kuna hasara, kwa maana kila kare ikigeuzwa ƙare, mbwa na mlinzi nao wanatoweka. La pili ni kuchukua herufi inayofanana. Ɖ ya 0189, ambayo ni ya lugha ya Kiewe, iko jirani kabisa na Ɗ ya 018A, na đ yenye mkwaju haina uhusiano wowote na Kihausa. Ukitaka kujua umechukua ipi, igeuze kuwa herufi ndogo: Ɗ hutoa ɗ yenye ndoano juu, ilhali Ɖ hutoa ɖ yenye mkia chini.

Inamfaa anayeandika barua rasmi, anayejifunza kwa bidii, mwalimu, mhariri, na yeyote ambaye maandishi yake yatahifadhiwa. Na kama barua itachapwa kwenye karatasi na printa haina fonti yenye herufi hizi, acha k, d na b za kawaida, chapa, kisha ongeza ndoano kwa kalamu ya wino mweusi. Kwa barua yenye ndoano tano ni kazi ya nusu dakika.

Njia ya nne: kuonyesha urefu wa irabu pia

Sasa turudi kwenye sentensi niliyoiacha: Yaron ya kawo gari. Imeandikwa kwa tahajia kamili, haina ndoano iliyopotea, na bado ina mafundo mawili. Gari yenye a fupi ni mji. Yenye a ndefu ni unga. Na ya, kiambishi cha nafsi, ikiwa ndefu inasema jambo limekwisha kutendeka, yaani kijana ameleta. Ikiwa fupi na kwa sauti ya chini, inasema atende, yaani kijana na alete. Mpokeaji asiyejua habari za awali anaweza kuketi akisubiri unga ambao wewe unadhani ameshaupokea.

Vitabu vya kufundishia hutatua hili kwa kuandika irabu ndefu mara mbili, au kwa kuweka mstari juu yake:

```
Yaaron yaa kaawoo gaarii.
Yāron yā kāwō gārī.
```

Kwa maana, mstari wa kwanza unamaliza fundo la unga na fundo la wakati kwa pamoja, na hautaki herufi yoyote isiyo kwenye kibodi. Kwa kufika, irabu maradufu zinapita popote, ilhali mistari ya juu ina matatizo yaleyale ya ndoano. Lakini kwa mpokeaji mzawa, sentensi nzima inaonekana ngeni, kama maandishi ya kamusi yaliyopotea njia. Hakufundishwa kusoma hivyo shuleni, na atapunguza mwendo pale ulipotaka aongeze. Kazi ya vidole ni ndogo, ila kazi ya kichwa ni kubwa, maana inabidi ujue urefu wa kila irabu, na Mswahili hana wa kumsaidia ndani ya lugha yake: kwetu irabu mbili zikifuatana ni silabi mbili, hatuna irabu moja ndefu inayobadilisha neno kwa mtindo huu. Anayekosea urefu mara mbili katika barua yenye alama amepotosha zaidi ya yule asiyeweka alama.

Njia hii inamfaa mwanafunzi katika daftari lake na katika mazoezi anayompelekea mwalimu, ambako faida ni kwamba mwalimu ataona ni wapi hasa hajui. Kwa barua halisi, naona bora urefu uokolewe kwa maneno badala ya alama. Andika Yaron ya riga ya kawo garin masara jiya, yaani kijana alikwisha kuleta unga wa mahindi jana, au Ina so yaron ya kawo garin masara gobe, yaani nataka kijana alete unga wa mahindi kesho. Riga, jiya, Ina so na gobe zinafunga mlango wa wakati. Masara inauondoa mji. Mhausa mwenyewe akitaka kusisitiza hufanya hivyohivyo, kwa hiyo barua haipotezi ladha yake.

Kuna njia ya tano ambayo naitaja kwa ufupi kwa sababu wengi wetu tuna babu waliosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: Kihausa nacho kina maandishi ya namna hiyo, yaitwayo ajami. Humo irabu ndefu inaweza kuonyeshwa kwa alifu, wau au yaa, na ƙ kwa desturi huandikwa kwa qafu. Urefu unaopotea katika boko unaweza kubaki huko. Lakini desturi za waandishi zinatofautiana, na si kila mpokeaji anaisoma, kwa hiyo ni chaguo pale tu unapojua kwamba yeye mwenyewe huandika hivyo.

Kwa hali yako

Ikiwa unatumia ujumbe wa kawaida wa simu na unamwandikia mzawa unayemfahamu, acha ndoano, zima upindaji wa ritifaa ili 'ya'ya ibaki kwa bei ya ujumbe mmoja, na kabla ya kutuma soma upya kila neno ukijiuliza kama lina mwenzake mwenye ndoano. Ukikuta kare inayoweza kuwa mbili, usihangaike na alama. Badilisha kitenzi, uandike ya gama maganarsa, yaani amemaliza maneno yake.

Ikiwa una WhatsApp au barua pepe, gharama ya ndoano haipo tena, na sababu ya kuziacha inabaki uvivu tu. Ongeza kibodi ya Kihausa ikiwa unaandika mara kwa mara. Ikiwa ni mara chache, mstari wa kunakili unatosha.

Ikiwa barua inakwenda ofisini, kwa mhariri au kwenye fomu, tumia herufi zenyewe, jaribu neno moja kwanza, na fomu ikizikataa rudi kwenye herufi tupu kwa barua nzima. Usichanganye ƙ mahali pamoja na k' mahali pengine. Msomaji atadhani ni sauti mbili tofauti.

Ikiwa unajifunza, andika ndoano kila mara hata kwenye ujumbe wa mzaha, na urefu uuweke katika daftari peke yake. Mwombe mwalimu akusomee gari zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, na uandike irabu maradufu pale unaposikia mvuto. Kisha barua ya kwenda kwake uiandike kwa tahajia ya kawaida, ukitaja masara au dawa, yaani mtama, pale unapomaanisha unga.